Sumaku Inayotembea Ndani ya Shaba Isiyosogea

Kikundi cha akina mama wa kijiji jirani na kwetu kilinunua mashine ya kusaga hivi karibuni. Kinu kizuri, chujio jipya, mota ya kilowati 7.5 yenye rangi ya bluu inayong'aa. Tatizo ni kwamba laini iliyofika kijijini kwao ni ya fezi moja, na mota ile ni ya fezi tatu. Aliyewauzia aliwahakikishia kuwa fundi ataunga tu. Fundi akaja, akaunga waya mbili alizozikuta, akabonyeza swichi. Mota ikaguna kama ng'ombe aliyekwama matopeni, shafti isisogee hata kidogo, na baada ya muda mfupi swichi kuu ikaruka. Nilipoitwa niliwashauri wairudishe mota dukani wachukue injini ya dizeli, na bahati njema muuzaji hakuleta ubishi.

Lakini mweka hazina wao, bibi mmoja mkali wa mahesabu, hakuridhika. "Mwanangu, umeme si ni umeme? Hizo waya tatu zina nini ambacho mbili hazina?" Nilimwambia, "Shikamoo bibi, hilo nitakujibu nikikaa." Tangu siku hiyo nimekuwa nikizipitia kichwani siku zangu za karakana, maana jibu la swali lake nililipata huko, kipande kwa kipande.

Nilijifunza kusuka mota Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kidole gumba kigumu kama ukucha kwa kusukuma waya wa shaba kwenye mifuo ya stata kwa miaka mingi. Stata ni ile sehemu ya mota isiyozunguka: bomba la bati nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja, lenye mifuo kwa ndani, na ndani ya mifuo hiyo hulala koili. Kazi ya mwanafunzi mgeni ilikuwa kukata koili zilizoungua, kusafisha mifuo, na kuhesabu. Mzee hakuruhusu mtu kugusa waya mpya kabla hajahesabu. Mifuo mingapi? Mota ilikuwa na poli ngapi? Koili inaruka mifuo mingapi? Fezi ya pili ilianzia mfuo wa ngapi?

Swali hilo la mwisho ndilo alilolishikilia. Chukua stata ya mifuo 24 ya mota yenye poli 4. Fezi ya kwanza ikianzia mfuo wa 1, ya pili lazima ianzie mfuo wa 5, na ya tatu mfuo wa 9. Kwa nini nne nne? Kwa sababu poli nne ni jozi mbili za kaskazini na kusini, na kila jozi moja huhesabiwa kuwa duara kamili la umeme, yaani digrii 360. Mzunguko mmoja wa stata kwa hiyo una digrii 720 za umeme, ukizigawa kwa mifuo 24 unapata digrii 30 kwa kila mfuo. Mifuo minne ni digrii 120, na digrii 120 ni theluthi ya duara. Mzee alikuwa haandiki hesabu hiyo popote. Aliweka kidole kwenye mfuo wa kwanza, akahesabu kwa sauti, akaweka alama ya chaki kwenye wa tano na wa tisa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi nikijua kuwa fezi tatu zinapishana kwa digrii 120, na nilidhani ninajua yote. Mzee ndiye aliyenionyesha kuwa kuna kupishana kuwili, na kwamba chuo kilinifundisha kumoja tu. Kumoja ni kwa mikondo yenyewe, kwa wakati. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake kila wimbi linakamilika kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, na fezi ya pili inafika kileleni theluthi ya muda huo baada ya ya kwanza, kisha ya tatu theluthi nyingine baadaye. Huko hutoka kwenye jenereta, na fundi wa mota hana mkono hapo. Kupishana kwa pili ni kwa mahali: koili za fezi ya pili zimekaa theluthi ya duara mbali na za kwanza. Huko hutoka mikononi mwa msukaji. Uga wa sumaku huzunguka pale tu kupishana kwa wakati kunapokutana na kupishana kwa mahali. Kumoja kukikosekana, unabaki na shaba inayopata moto.

Jioni moja, umeme ukiwa umekatika na kazi imelala, alichora duara kwenye sakafu ya saruji na kuweka namba kama za uso wa saa. Nitajaribu kuurudia mchoro ule, kwa sababu sijawahi kuona maelezo bora kuliko yale.

Tuseme mota ni ya poli 2 ili mambo yawe mepesi. Koili za fezi A zimekaa kiasi kwamba mkondo chanya ukipita, sumaku inaelekea kwenye namba 12. Za fezi B zinaelekea namba 4. Za fezi C zinaelekea namba 8. Mkondo ukigeuka kuwa hasi, mshale wa fezi hiyo unageuka upande wa pili: wa B badala ya 4 unaelekea 10, wa C badala ya 8 unaelekea 2. Na tuseme kilele cha kila mkondo ni ampea 10.

Tuusimamishe wakati pale fezi A ilipo kileleni. A ina ampea 10. Kwa kuwa mawimbi yanapishana kwa theluthi, wakati huohuo B ina ampea 5 hasi, na C nayo 5 hasi. Chora mishale: mmoja wa urefu wa 10 kuelekea namba 12, mmoja wa 5 kuelekea namba 10, kwa sababu B ni hasi, na mmoja wa 5 kuelekea namba 2, kwa sababu C ni hasi. Ile miwili mifupi imeinama pande mbili za namba 12, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mivuto yake ya pembeni inauana, na kila mmoja unachangia nusu ya urefu wake kwenda juu, yaani 2.5. Jumla: 10 na 2.5 na 2.5, unapata 15 kuelekea namba 12.

Sasa acha sehemu moja ya 300 ya sekunde ipite. A imeshuka hadi 5. B imepanda kutoka hasi hadi 5 chanya. C imezama hadi 10 hasi. Mishale: 5 kuelekea 12, 5 kuelekea 4, na 10 kuelekea namba 2. Safari hii ule mrefu uko namba 2, na mifupi miwili imeinama kulia na kushoto kwake. Jumla ni 15 tena, ila sasa inaelekea namba 2. Acha muda uleule upite tena: A ni 5 hasi, B iko kileleni kwa 10, C ni 5 hasi. Fanya hesabu ileile, utapata 15 kuelekea namba 4.

Kumi na mbili, mbili, nne. Hakuna koili iliyosogea, hakuna chuma kilichotembea, lakini sumaku imekwenda theluthi ya duara kwa sehemu moja ya 150 ya sekunde, na urefu wake haukupungua wala kuongezeka. Ukitaka kumjaribu anayekueleza jambo hili, muulize inakuwaje katikati ya hatua hizo. Chukua nusu ya hatua ya kwanza: A ina ampea 8.66, B ni sifuri, C ni 8.66 hasi. Mishale miwili, mmoja kuelekea 12 na mwingine kuelekea 2. Jumla yake ni 15 palepale, kuelekea namba 1. Uga hauruki kutoka namba hadi namba, unateleza.

Aliyewahi kukaa uwanja wa mpira wakati mashabiki wanapiga lile wimbi la kusimama na kukaa anajua jambo hili kwa mwili wake. Hakuna shabiki aliyehama kiti, kila mmoja alisimama na kukaa tu, ila kwa zamu, na wimbi likazunguka uwanja mzima. Wakisimama wote kwa pamoja hakuna wimbi. Na wakisimama kwa zamu lakini wakiwa wamerundikana jukwaa moja, halitazunguka pia.

Kasi ya uga unaozunguka haitegemei nguvu ya umeme wala unene wa waya. Inategemea hezi na idadi ya poli. Mota ya poli 2 kwa hezi 50, uga wake unazunguka mara 50 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Ya poli 4, wimbi moja la umeme linausogeza uga nusu duara tu, kwa hiyo ni 1,500. Ukisoma kibao cha mota ya poli 4 utakuta 1,440 au 1,455, wala si 1,500, na hilo huwasumbua wengi. Rota, ile sehemu inayozunguka, haipewi umeme na waya yoyote. Ina fimbo za alumini au shaba zilizofungwa ncha zake kwa pete, na uga unapozipita unazalisha mkondo ndani yake. Mkondo huo ndio unaoshikwa na uga na kuburutwa. Rota ikiufikia uga, hakuna kinachoipita tena, mkondo unakufa na mburuto unakwisha. Kwa hiyo daima inachelewa kidogo, na ukiibebesha mzigo inachelewa zaidi.

Karakana yetu ilikuwa na jaribio ambalo wageni walikuwa wakiliona kama mazingaombwe. Mota ikishasukwa, kabla ya kumwagiwa vanishi na kurudishiwa rota, mzee aliiunganisha stata tupu kwenye fezi tatu za volti ndogo kutoka kwenye transfoma ya kurekebisha, akadondosha ndani yake gololi ya chuma iliyotoka kwenye bearingi kuukuu. Gololi ilianza kukimbia ukutani mwa stata, mbio mbio, ikipanda hadi juu na kushuka, bila kuguswa na kitu. Volti lazima ziwe ndogo na muda uwe sekunde chache, kwa sababu stata isiyo na rota inakula mkondo mkubwa sana. Gololi ikizunguka bila kusitasita, koili zimekaa sawa. Ikitetemeka mahali pamoja, au ikipita nusu ya duara na kurudi, fungua uangalie tena.

Kuna jambo moja kuhusu gololi ambalo mafundi wengi hawalijui. Inakuambia kama uga unazunguka, lakini usiiamini kukuambia unazunguka kwenda wapi. Gololi yenyewe hujizungusha kama rota ndogo, na kitu kinachojizungusha huku kimegusa ukuta wa ndani wa bomba hubingirika kwenda upande wa pili. Wakati mwingine inafuata uga, wakati mwingine inakwenda kinyume chake. Kwa kujua upande, mzee alitumia kopo tupu la soda lililoning'inizwa kwa uzi katikati ya stata. Kopo haligusi ukuta, kwa hiyo linazunguka uelekeo wa uga wenyewe.

Mwanafunzi mwenzangu aliwahi kusuka mota ya pampu vizuri kabisa, hesabu za mifuo zote sahihi, kisha akaunga fezi moja kichwa chini: mwisho wa koili mahali pa mwanzo. Gololi ilitetemeka na kukataa kukimbia. Alikuwa na haraka, mteja amesimama mlangoni, akadai gololi ina kutu. Mzee hakubishana. Alimwambia arudishe rota aijaribu. Mota ikanguruma kwa sauti nzito, ikazunguka kwa kusuasua, na kipimo cha mkondo kikaonyesha waya tatu zenye mikondo mitatu tofauti kabisa.

Ukirudi kwenye duara la chaki unaona kilichotokea. Geuza B peke yake. Pale A ilipo 10 kuelekea namba 12, B badala ya kuelekea 10 inaelekea 4. Mishale haisaidiani tena. Katika baadhi ya nyakati jumla inakuwa kubwa, katika nyingine inanywea, na sehemu ya uga inazunguka kulia huku sehemu nyingine ikizunguka kushoto kwenye chuma kilekile. Rota inavutwa na mabwana wawili. Wakati ulikuwa sahihi, umeme ulikuja na kupishana kwake kama kawaida. Mahali ndipo palipovurugika. Tangu hapo nikipewa mota inayonguruma baada ya kusukwa upya, jambo la kwanza ninalofanya ni kutenganisha ncha zote sita na kutambua upya upi ni mwanzo na upi ni mwisho.

Baadaye nilikwenda kufanya kazi bara, na huko nikakutana na upande wa pili wa jambo hilo: mahali sahihi, wakati umeharibika. Kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida kilituletea mota ya kilowati 15 iliyoungua. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe amekasirika, kwa sababu ilikuwa imesukwa upya si muda mrefu uliopita, na alitaka tuthibitishe kuwa msukaji wa kwanza alimwibia. Tuliifungua mbele yake. Kuzunguka stata kulikuwa na makundi manne ya koili yaliyoungua hadi kuwa mkaa, yameachana kwa mpangilio ulio sawasawa. Katikati yao makundi mengine yalikuwa safi, vanishi bado ya rangi ya asali.

Msukaji mbaya haunguzi mota kwa mpangilio namna ile. Akichubua waya, utaona doa moja limeungua na shaba imeyeyuka hapo. Mzigo ukizidi, koili zote zinakuwa nyeusi pamoja. Mpangilio ule unasema jambo moja: waya moja kati ya tatu ilikatika huku mota inafanya kazi. Mota ile ilikuwa imeungwa kwa delta. Katika delta, waya moja ikipotea, fezi moja ya koili inabaki imekaa moja kwa moja kati ya waya mbili zilizobaki, na nyingine mbili zinaungana mfululizo na kugawana volti hizohizo. Ile iliyo peke yake inabeba mkondo mara mbili ya zile mbili, na ndiyo inayoungua. Mota iliyoungwa kwa nyota ikipatwa na jambo hilohilo, sura inageuka: fezi mbili zinaungua, moja inabaki mpya. Tulimwambia akakague fyuzi zake. Moja ilikuwa imekatika.

Aliuliza swali zuri, ambalo ndilo swali la bibi yule wa kikundi kwa maneno mengine: fezi mbili si zilibaki? Kwa nini mota isifanye kazi kwa theluthi mbili za nguvu zake?

Jibu ni kwamba waya mbili zinazobaki si mikondo miwili, ni mkondo mmoja. Unachoingia nao waya hii ndicho unachotoka nacho waya ile, kwa wakati uleule. Hakuna tena anayetangulia na anayefuata. Weka hilo kwenye duara, kwa mota ya nyota iliyobaki na A na B: A ikiwa 10 kuelekea namba 12, B ni 10 hasi, inaelekea namba 10. Jumla inaelekea namba 11. Muda kidogo baadaye A ni 5, B ni 5 hasi. Jumla imepungua lakini bado iko namba 11. Kisha sifuri. Kisha mikondo inageuka na mshale unaelekea namba 5. Kumi na moja, tano, kumi na moja, tano. Uga unakua na kunywea kwenye mstari mmoja, kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Rota iliyosimama haijui iende kulia au kushoto, kwa hiyo inasimama ikinguruma, na koili zinapokea mkondo wa kuanzia bila kikomo. Rota iliyokwisha kuwa mbioni inaendelea, kwa sababu mwendo wake unaipa upande wa kufuata, lakini ili kubeba mzigo uleule inavuta kutoka kwenye waya mbili mkondo wa takriban mara 1.73 ya kawaida. Ndiyo sababu mwenye kiwanda hakuona chochote. Mota ilizunguka, mafuta yalitoka, na koili zilikuwa zikiiva taratibu.

Hapo ndipo pia pana hatari kwa wale wanaoipiga kiki pulley ya mota inayonguruma ili ianze. Itaanza, ndiyo, tena kwa upande wowote utakaoisukumia. Na itaungua.

Kisima kimoja kirefu nje ya Dodoma kilinifunza jambo la mwisho. Transfoma ilikuwa imebadilishwa, na tangu siku hiyo maji yalipanda kwa unyonge, tangi likijaa usiku kucha badala ya saa chache. Watu walikuwa wameshakubaliana kuwa kisima kinakauka, na mazungumzo ya kuchimba kingine yalikuwa yameanza. Mikondo mitatu ilikuwa sawa, hakuna waya iliyokatika. Nilibadilishana waya mbili kati ya tatu kwenye kontakta na maji yakaja kwa kishindo. Kwenye duara la chaki, ukibadilishana B na C, mshale unatoka 12 unakwenda 10 halafu 8. Hakuna kingine kinachobadilika. Pampu ya namna ile ikizunguka kinyume bado inasukuma maji, ila kidogo, na kwa kuwa iko chini ya ardhi hakuna anayeona inazunguka vipi. Njia ya kujua ni kupima shinikizo kwa pande zote mbili na kuacha ule wenye maji mengi.

Si kwamba tatu ni namba ya lazima. Galileo Ferraris, aliyekuwa mwalimu Turin, alipata uga unaozunguka mwaka 1885 kwa mikondo miwili tu, inayopishana kwa robo ya wimbi katika koili zilizopishana kwa robo ya duara. Nikola Tesla alipewa hataza zake Marekani mwaka 1888, naye mota zake za mwanzo zilikuwa za fezi mbili. Aliyetuletea tatu katika sura tunayoitumia ni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa kampuni ya AEG mjini Berlin, na mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa takriban kilomita 175 kutoka Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt, ambako uliendesha mota ya nguvu ya farasi 100 iliyosukuma maji ya maporomoko ya bandia. Tatu zilishinda kwa sababu ya waya: mikondo mitatu iliyo sawa, ukiijumlisha wakati wowote, unapata sifuri, kwa hiyo waya tatu zinatosha bila ya kurudishia.

Na feni yako ya dari inafanya kazi kwa fezi moja kwa kudanganya. Ina seti mbili za koili, na moja imepitishiwa kapasita inayousogeza mkondo wake mbele kwa wakati. Kwa hiyo ndani ya feni kuna mikondo miwili inayopishana, imetengenezwa hapohapo. Mafundi hufanya vivyo hivyo na mota ndogo ya fezi tatu: wanaiunga kwa delta kwenye volti 230 na kuweka kapasita ya takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Inazunguka, lakini inapoteza sehemu ya nguvu zake, na nguvu ya kuanzia inakuwa hafifu. Uga wake si duara, ni yai, kwa sababu kapasita moja haiwezi kuipa mishale urefu na zamu sahihi kwa kila mzigo.

Kwa ile mota ya kikundi hata ujanja huo haukufaa. Kibao chake kilisema delta ni ya volti 400. Ukiipa 230, nguvu ya kuzungusha inashuka kwa kadiri ya volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, yaani inabaki kama theluthi. Kinu chenye mahindi hakianzi kwa theluthi. Vipo pia vifaa vya kielektroniki vinavyopokea fezi moja na kutoa tatu, na kwa mota ndogo ni vizuri sana. Lakini vingi havipandishi volti zaidi ya vilizopewa, na kilowati 7.5 kwenye shafti zingedai karibu ampea 40 au zaidi kutoka kwenye waya ile moja ya kijiji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua mota soma kibao chake na uhesabu waya zinazoingia nyumbani kwako. Na kama tayari una mota ya fezi tatu inayokulisha, mwambie fundi wako akufungie rilei ya kulinda fezi, ile inayokata umeme wote mara waya moja inapopotea au volti zinapoacha kulingana. Kila baada ya miezi michache apime mkondo wa waya zote tatu, mota ikiwa na mzigo. Tofauti ya asilimia moja tu kwenye volti inaweza kuleta tofauti ya asilimia 6 hadi 10 kwenye mikondo, kwa hiyo asipime waya moja akaandika kuwa mota ni nzima.